Wimbo wa Kufumua Masweta

Walipokuja kumwimbia, Mama Sweta alikuwa chooni, na huko ndiko alikoamua kubaki.

Choo chenyewe kilikuwa cha wapangaji wote, nyuma ya nyumba, na mlango wake wa bati haukufika chini. Kupitia uwazi ule aliona miguu ikiingia uani. Aliitambua yote. Ile yenye viatu vya mpira ilikuwa ya Mama Mayai, ile mikubwa yenye nyufa ilikuwa ya muuza kandambili, ambaye wenzake walimwita kandambili tu, mwanamume pekee wa kundi lile, mwenye sauti nzito kiasi kwamba hata akinong'ona watu wa nyumba ya pili hujibu. Nyuma yao walikuja wengine wa mstari wao wa sokoni, kila mmoja akijifuta jasho la siku nzima. Walikuwa wamefunga biashara mapema kwa ajili yake. Jambo hilo lilimuuma zaidi ya lingine lolote, maana alijua thamani ya saa ile ya jioni, watu wanapotoka kazini na fedha ziko mfukoni.

"Mwenyewe yuko wapi?" aliuliza Mama Mayai.

"Yuko, yuko," alijibu mume wake, fundi baiskeli, akitazama huku na huku bila kujua mke yuko upande gani. "Karibuni. Anakuja."

Hawakungoja. Desturi ya kundi lile, ambalo watu wa soko waliliita Waimbaji wa Mstari, ilikuwa kwamba mfanyabiashara ambaye msimu umemwangusha hufuatwa nyumbani na kuimbiwa mpaka atoke mlangoni. Akitoka, huimbiwa ubeti wa mwisho, wote humpa mkono, na kesho yake anatarajiwa kwenye meza yake. Kiongozi hutoa ubeti, wengine huitikia, na kiitikio lazima kiwe chepesi ili hata aliyechelewa akidake mlangoni. Ubeti hautaji jina la mtu wala hautaji kosa lake. Hutaja subira. Masharti hayo yote hayakutungwa na wazee wa kale. Yalitungwa na Mama Sweta mwenyewe, pamoja na wimbo, kwa sababu ndiye aliyekuwa mtunzi na kiongozi wa kundi.

Kwa hiyo sasa walikuwa wamekuja bila mtunzi, na walichokuwa nacho ni wimbo wake tu. Mama Mayai alisafisha koo akaanza:

*Biashara ni kupanda, biashara ni kushuka,*
*Alokosa akienda, mbele kidogo hufika,*
*Subira ndiyo kibanda, mvua itakatika.*

Na wote wakaitikia, kandambili akiuburuta mstari kama gunia:

*Vumilia, vumilia, kesho soko lafunguka!*

Mama Sweta aliegemea ukuta. Maneno yale aliyatunga akiwa anakata vitunguu, siku muuza matikiti alipopata hasara, na alijiona mtu wa maana sana. Sasa aliyasikia kwa mara ya kwanza akiwa upande wa pili wa mlango. Subira ndiyo kibanda. Kibanda gani? Mwenye nyumba hapokei subira mwisho wa mwezi. Alokosa akienda, mbele kidogo hufika. Anafika wapi, na anakwenda na nini? Alihisi hasira ya aina ambayo hakuwa na mtu wa kumpelekea, kwa kuwa mwenye maneno alikuwa yeye.

Waliimba ubeti ule mara ya pili, na ya tatu. Mpangaji wa chumba cha pembeni alikuja na ndoo yake, akagonga bati.

"Jirani, samahani, lakini mimi nimebanwa."

Ikabidi atoke. Alitoka kichwa chini, mkono mmoja ukishika khanga, na waimbaji, kwa kuona mtu wao katokea upande wasioutarajia, walikosa mpangilio, nusu wakaitikia na nusu wakanyamaza.

"Asanteni," alisema Mama Sweta. "Nimesikia. Nendeni mkapumzike."

"Bado ubeti wa mwisho," alisema kandambili kwa upole.

"Naujua ubeti wa mwisho. Niliutunga mimi."

Hakuwapa mkono. Aliingia ndani, na pazia likaanguka nyuma yake. Waimbaji walisimama kidogo uani, kisha wakaondoka mmojammoja, na fundi baiskeli akawasindikiza hadi barabarani akiomba radhi kwa kila mtu.

Chumba chao kilikuwa kimoja kilichogawanywa kwa kabati. Upande mmoja kitanda na godoro la binti yao. Upande mwingine mashine ya kufuma, ndefu kama kitanda cha mtoto, sindano zake zimelala safu mbili na kigari kinachopita juu yake kikisukumwa kwa mkono, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Kuanzia sakafuni hadi dirishani yalipangwa masweta ya shule, ya rangi ya zambarau iliyoiva, yamekunjwa vizuri. Mtu asiyejua angesema huyu mama katajirika.

Lakini toa moja ulipeleke juani. Kiwiliwili kilikuwa zambarau. Mikono ilikuwa zambarau pia, ila zambarau nyingine, yenye wekundu kidogo, kana kwamba mvaaji katumbukiza mikono kwenye juisi mpaka mabegani.

Kosa lilikuwa la kitaalamu, na mtu asiyefuma hawezi hata kulifanya. Koni za uzi huja na karatasi ndani ya mdomo wake, na juu ya karatasi, chini ya namba ya rangi, kuna namba nyingine ndogo ya mkupuo. Namba ya rangi ikiwa moja, uzi unaitwa zambarau. Mkupuo ukiwa tofauti, umechovywa kwenye pipa jingine siku nyingine, na hakuna mapipa mawili yanayolingana kabisa. Mama Sweta alijua hayo. Lakini uzi wa kwanza ulipokwisha alimtuma mumewe mjini, na mumewe alilinganisha namba ya rangi, akaridhika. Naye, kwa haraka ya msimu, alizitupa zile karatasi bila kuzisoma.

Hata hivyo angepona, kama angefuma sweta moja hadi mwisho ndipo aanze jingine. Baadhi yangekuwa ya mkupuo wa kwanza, mengine ya wa pili, na nani angejua? Lakini mfumaji wa biashara hafanyi hivyo. Hufuma kwanza migongo na vifua vyote, kisha mikono yote, halafu huunga, maana kila anapobadilisha kipande hupoteza muda wa kupanga sindano upya. Kwa hiyo migongo yote ilitoka mkupuo wa kwanza, na mikono yote mkupuo wa pili. Akaunga usiku, chini ya taa ya manjano ambayo hufanya kila zambarau kuwa ndugu.

Tofauti aliiona mbele ya mwalimu mkuu, uwanjani, saa nne ya asubuhi, watoto wakiwa mstarini. Mwalimu alilishika sweta kwa vidole viwili. Mtoto mmoja akasema, "Mikono ya kuazima!" na mstari mzima ukaangua kicheko. Binti yake alikuwa mstarini, na alikuwa amelivaa.

"Mama, siwezi kuwapa wazazi kitu hiki," mwalimu alisema, si kwa ubaya. "Kabla ya baridi kuanza ukileta mengine yaliyo sawa, nitayapokea. Usipoleta, nitatafuta kwingine. Watoto hawawezi kutetemeka kwa ajili yangu wala kwa ajili yako."

Baridi ilikuwa karibu. Asubuhi watu walianza kuvuta shuka.

Jioni ile ya waimbaji, fundi baiskeli aliporudi kutoka barabarani hakuingia moja kwa moja. Alisimama nje ya pazia, akakohoa, kama mgeni.

"Ingia," alisema mkewe. "Nani amekuzuia?"

Aliingia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kukwangua grisi kwenye kucha. Mkewe alimjua. Mtu huyu akiwa na neno zito huanza na kucha.

"Sema."

"Kodi nimelipa."

"Umelipa na nini?"

Fundi baiskeli aliendelea na kucha. "Bi Sare alinipitia kazini. Aliuliza kama mashine tunauza. Nikamwambia sijui. Akasema, basi shika arubuni, mkifikiria mkakataa mtanirudishia."

"Ukashika."

"Mwenye nyumba alikuwa amesimama pale pale, mama. Anaongea kwa sauti. Wateja wananisikia. Ningefanyaje?"

Mama Sweta aligeuka akatazama mashine. Alikuwa akiilipia kwa miaka, akipanga safu, akilisha uzi, akikipaka kigari mafuta kwa unyoya wa kuku kwa sababu brashi huacha nywele. Bi Sare alikuwa na karakana kubwa ya sare nyuma ya stendi. Cherehani zilijaa, lakini mashine ya kufuma hakuwa nayo, na masweta yalikuwa yakimpita kila mwaka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uache kulia."

"Na mimi nilikuwa nangoja uache kuninyamazia," alisema mkewe. "Anakuja lini?"

"Jumamosi. Na mkokoteni."

Ilikuwa Alhamisi. Binti yao, aliyekuwa akijifanya amelala, alivuta shuka juu ya kichwa.

Asubuhi Mama Sweta alibeba masweta begani akaenda sokoni, si kwa sababu ya wimbo bali kwa sababu nyumbani mashine ilikuwa ikimtazama. Aliyatandaza mezani kwake. Alipanga kuyauza kwa bei ya chini, kwa watu wa kawaida, watu wasio na mwalimu mkuu.

Mteja wa kwanza alilipima sweta kifuani, akaliinua juani, akacheka. "Mama, hili limezaliwa na baba wawili?"

"Bei yake ni ya baba mmoja. Chukua."

"Hata bure watanicheka." Akalirudisha bila kulikunja.

Mteja wa pili alitaka mikono tu, avae kama soksi. Wa tatu alikuwa mama mwenye mtoto wa shule ile ile, akapita haraka akijifanya hamwoni, na hilo lilikuwa baya kuliko mzaha. Kufikia adhuhuri jina jipya lilikuwa limeshaenea mstari mzima. Mpiga debe wa viatu vya mtumba alimwita "Mama Mikono" mbele za watu, naye akaitika, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kukataa.

Meza ya jirani, Mama Mayai alikuwa akipima mayai kwa tochi, moja moja, akilizungusha mbele ya mwanga. Hakusema neno tangu asubuhi. Mwishowe akasema:

"Jana ulitufukuza."

"Niliwashukuru."

"Ulitushukuru kama mtu anavyoshukuru polisi." Aliweka yai kwenye trei. "Lakini sikulaumu. Wewe uliponiimbia mimi, mwaka ule mayai yangu yalipooza kwa joto, unajua nilifikiria nini?"

"Ulilia. Nilikuona."

"Nililia kwa hasira. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni, harufu imejaa nyumba, mume wangu hataki kuingia, na wewe umevaa khanga safi unaniambia vumilia, vumilia. Nilitaka kukurushia yai. Na mabovu yalikuwapo tele, nisingepata hasara."

Mama Sweta alimtazama. "Sasa mbona jana ukaja kuniimbia huohuo?"

"Nina mwingine? Mtunzi ni wewe." Mama Mayai alizima tochi. "Ngoja nikwambie kilichonisimamisha. Mlipomaliza kuimba, mvua ikanyesha. Wenzako wakakimbia. Wewe ulikuwa umevaa ile khanga yako, ukaogopa kuilowesha, ukabaki. Na kwa kuwa hukuwa na la kufanya, ukachukua fagio ukaanza kunisaidia kutoa yale maganda. Ulikuwa ukiimba huku umeziba pua. Hukuimba ule wa subira. Ulikuwa unaimba upuuzi wowote ili mkono usichoke. Siku ya pili nikaenda kutafuta mayai."

"Sikumbuki."

"Hukumbuki kwa sababu hukuutunga kwa ajili ya sifa."

Neno hilo lilimchoma Mama Sweta, na lilimchoma kwa sababu lilikuwa la kweli. Alichukua sweta moja, akaanza kulikunja, akaacha. Kwa mara ya kwanza tangu uwanja wa shule alisema kwa sauti kile alichokuwa akikifukuza kichwani.

"Yanafumulika."

"Nini?"

"Haya. Mikono yote naifungua pale penye maungo. Naifumua, uzi wa mkupuo wa pili unarudi kuwa uzi, natengenezea masweta kamili. Kisha baadhi ya migongo naifumua, natengenezea mikono ya ile iliyobaki. Kila sweta linakuwa na rangi moja. Mtoto huyu na yule watapishana rangi kidogo, lakini nani anawasimamisha bega kwa bega? Sweta la mwaka jana limeshapauka hata hivyo."

"Sasa umekalia nini hapa?"

"Ni kazi ya mwezi kwa mtu mmoja, na mwezi sina. Na mashine kesho inaondoka." Akamweleza habari ya arubuni. Machozi yalimtoka mbele ya wateja wa mayai, na hakuyafuta. "Nimekwisha, mwenzangu. Usiniambie vumilia. Nakuomba, mtu asiniambie tena neno hilo."

Mama Mayai hakumwambia. Alifunga trei zake, akavuka kwenda meza ya kandambili, na wakanong'ona, kwa maana kwamba soko zima lilisikia.

Jumamosi waimbaji walifika asubuhi, wakakaa uani juu ya ndoo na vigoda. Mama Sweta alitoka na masweta mikononi, akaanza kuwafundisha, kwanza kwa kusita, kisha kwa ukali wa mtu mwenye kazi yake.

"Halifumuki kutoka popote. Ukivuta kutoka pale nilipoanzia litajifunga fundo mpaka ulitupe. Tafuteni mwisho. Mkono mwisho wake uko juu, begani. Kata uzi wa kuungia tu, huu mwembamba. Ukikata mfumo wenyewe umeniua."

"Huu?" aliuliza kandambili, wembe ukiwa hewani.

"Weka wembe chini! Wewe utavuta tu."

Walikaa wawiliwawili. Mmoja alivuta, na uzi ukatoka safu baada ya safu, umejikunja kama nywele zilizofumuliwa. Mwenzake aliuzungusha kwenye mgongo wa kiti mpaka ukawa kitita. Fundi baiskeli alichemsha maji, akavitia vitita kwenye maji vuguvugu, akavitundika kambani, kila kimoja kikining'inia na chupa ya maji ili kinyooke. Bila hivyo uzi uliokunjika hukwama kwenye sindano. Kamba ilipojaa akafunga nyingine kwenye fremu za baiskeli.

Tatizo likawa mikono ya watu haiendi pamoja. Aliyevuta alikimbia, aliyezungusha akachelewa, uzi ukakatika, na kila ulipokatika ni fundo, na kila fundo ni tundu katika sweta. Mama Mayai akaanza wimbo ili kuwapatanisha. Kwa mazoea alianza ule wa zamani, na kwa mwendo wake wa furaha. Wakavuta kwa kasi yake, na uzi ukakatika kwa jozi tatu kwa mpigo.

"Huo haufai!" alisema Mama Sweta. "Unakimbia. Uliimbwa kwa watu waliosimama."

"Basi tupe wa kukaa."

"Sina."

Kandambili, ambaye katika maisha yake yote alikuwa mwitikiaji, aliangalia uzi unaotoka mkononi mwake, akauvuta taratibu, akanguruma:

*Fumua, mama, fumua...*

Akasita, hajui pa kwenda. Mama Mayai, aliyekuwa akizungusha, akamalizia bila kuinua kichwa:

*...uzi haujakatika.*

Ukawa ndio mwendo. Nusu ya kwanza mvutaji anavuta safu moja, kisha anatulia. Nusu ya pili mwenzake anazungusha. Polepole, kama mtu anayemlaza mtoto mgonjwa. Waliimba hivyo bila ubeti wowote, kiitikio kitupu, kikijirudia hadi kikapoteza maana, na uzi ukaacha kukatika. Mama Sweta hakuimba. Alikaa kwenye mashine ndani, akipaka nta ya mshumaa kwenye uzi uliokwisha kukauka, akapanga sindano, akasukuma kigari. Alitaka afume angalau mkono mmoja kabla hawajaja kumchukulia mashine.

Alifika nusu ya mkono.

Bi Sare alikuwa mwanamke mfupi, nadhifu, mwenye tepu ya kupimia shingoni hata siku za mapumziko. Aliingia na mpakizi na mkokoteni, akaona uani kumejaa uzi, akaruka vitita kwa uangalifu.

"Hii nini, harusi?"

"Kazi," alisema Mama Mayai.

Mama Sweta hakusimama. "Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Naona bado unaitumia."

"Nakuomba unipe muda. Mwezi mmoja. Arubuni yako nitairudisha, na ya juu yake nitakupa."

"Mwanangu, nikikuachia mwezi mmoja, baridi imepita, na mimi nimekosa msimu. Utanirudishia na msimu?" Hakupaza sauti. "Mimi pia nililala njaa kwa ajili ya cherehani yangu ya kwanza. Usinione nina moyo wa jiwe. Lakini mumeo alipokea, nami nimeshachukua oda."

Fundi baiskeli alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika mikononi. "Kosa ni langu, Bi. Nichukulie mimi. Nitakutengenezea baiskeli zako zote."

"Sina baiskeli, baba."

Waimbaji waliacha kuvuta. Wote kwa pamoja wasingeweza kukusanya hata nusu ya ile arubuni, na kila mmoja alijua kuwa mwenzake anajua. Mama Sweta alitazama nusu ya mkono iliyoning'inia kwenye sindano. Neno lililofuata lilikuwa gumu kulitamka kuliko kilio chote cha wiki ile.

"Kule karakana una mfumaji?"

"Natafuta."

"Mashine hii inaangusha macho ya mfumo upande wa kushoto, usipoikandamiza kwa goti. Mfumaji mgeni atakuharibia uzi mwezi mzima kabla hajaijua. Niajiri mimi. Mchana nafuma oda zako, kwa ujira utakaosema. Ukifunga jioni, niache nibaki nifume haya yangu."

"Kwa umeme wangu?"

"Kigari kinasukumwa kwa mkono. Taa nitakuja nayo." Kisha akaongeza, "Lakini rangi nitazilinganisha mchana."

Bi Sare akaivuta ile tepu shingoni upande huu na upande ule. "Ukichelewa kazini siku moja, mpango umevunjika."

"Sitachelewa."

"Na si mbia. Ni mfanyakazi."

"Nimesikia, Bi." Alikuwa akiomba ruhusa ya kukaa kwenye kiti chake mwenyewe.

Mashine ilitolewa miguu, ikalazwa kwenye mkokoteni juu ya mashuka yao. Nusu ya mkono aliiacha kwenye sindano, akaifunga kwa kitambaa. Fundi baiskeli alimwondoa mpakizi kwa bega, akashika mpini wa mbele yeye mwenyewe. Waimbaji walibeba magunia ya vitita na masweta yaliyobaki, na njia ya kwenda karakana, kwa kuwa njia nyingine hakuna, ilipita katikati ya soko.

Walipoingia kwenye mstari wao, kundi likanyamaza. Waliona haya kwa niaba yake. Watu walisimama kwenye meza zao, mpiga debe wa viatu akasahau kupiga debe, na magurudumu ya mkokoteni yakawa ndiyo sauti pekee. Mtu mmoja akasema, si kwa siri sana, "Mama Mikono, mashine nayo?"

Mama Sweta alisimama. Alikuwa amejifunika khanga hadi puani, akaishusha.

"Mbona mmenyamaza?" aliwauliza wenzake.

"Mama, hapa..." alianza kandambili.

"Hapa ndipo. Imbeni."

Hawakuanza. Kwa hiyo akaanza yeye, kwa sauti iliyokwaruza kwa kulia, na kwa mwendo ule wa polepole wa uani, huku akitembea nyuma ya mkokoteni na kumtazama usoni kila aliyekuwa akitazama:

*Nimefuma mwili huku, mikono nafuma kule,*
*Taa yaficha usiku, jua halifichi mbele,*
*Kosa langu, siyo chuku, nalisema kwa kelele!*

Mstari mzima ulikuwa umezoea nyimbo za subira. Haukuwahi kusikia mtu akiimba kosa lake mwenyewe katikati ya barabara, na kwa muda hakuna aliyejua kama inafaa kuitikia. Hata Mama Mayai alichelewa.

Aliyeitikia wa kwanza alikuwa fundi baiskeli, ambaye hajawahi kuimba maishani, hata siku ya ndoa yake. Hakugeuka nyuma, alikuwa ameinama juu ya mpini, akivuta. Lakini aliitikia, kwa sauti mbaya isiyofuata sauti yoyote, kwa nguvu kuliko wote waliomfuata:

*Fumua, mama, fumua, uzi haujakatika!*